Sauti Isiyokohoa

Jumapili hiyo mchana alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni, bila sauti hata ya kumfukuza paka, ndipo alipojisikia akiongea upande wa pili wa ukuta.

Si kwamba alikuwa akiwaza maneno. Yalikuwa yanasemwa kweli, kwa sauti yake mwenyewe, polepole na kwa adabu: “Mizigo yote ya maeneo ya mbali, itakayopokelewa hadi Jumatatu, itafika kabla ya sikukuu.” Kisha muziki kidogo. Kisha tena, neno kwa neno.

Alijishika koo. Lilikuwa la moto na limevimba, na halikuwa likitikisika. Alijigusa midomo, akaikuta imefungwa. Homa ilikuwa imemshika tangu Jumatano, na tangu Alhamisi hakuwa ametoa sauti zaidi ya mkoromo, kwa hiyo kwanza alijiambia ni homa hiyo inamchezea. Lakini homa haipigi muziki wa kampuni katikati ya sentensi.

Kazini walimwita Sauti, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mwenye nyumba aliliandika hivyo hivyo kwenye risiti ya kodi. Aliingia kampuni ya vifurushi akiwa karani wa kaunta, kazi yake kupima mizigo na kubandika lebo, mpaka meneja wa wakati ule alipomsikia akimtuliza mteja aliyekuja juu kama moto wa makaratasi. Meneja akasema, huyu asipoteze bure mdomo wake kaunta. Wakamwingiza chumba kidogo kilichozibwa magodoro ukutani, wakampa kipaza sauti, na tangu hapo ukipiga simu ya wateja unampata yeye, na ukikaa kwenye ukumbi wa kupokelea mizigo unamsikia yeye kutoka darini. Mumewe wa zamani alikuwa akilalamika kwamba duniani kote ni yeye peke yake anayesubirishwa kwenye simu na mkewe wa ndoa. Walipoachana alianza kutuma mizigo yake kwa kampuni nyingine ya vifurushi, na Sauti hakumlaumu hata kidogo.

Bibi yake ndiye aliyeipenda laini ile kuliko wateja wote. Bibi aliishi mbali, kule ambako lori haliendi, gari dogo la wakala ndilo linalomalizia njia. Alikuwa akipiga namba ya kampuni bila mzigo wowote, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anajibu: “Ahsante, mjukuu wangu. Na wewe umekula?” Siku nyingine Sauti akimpigia mwenyewe, analaumiwa: “Jana nimekuuliza kama umekula, ukaniambia nibonyeze moja. Adabu gani hiyo?” Alielezwa mara nyingi kwamba ile ni sauti iliyorekodiwa. Alikubali kila mara, na kesho yake akaiuliza tena kama imekula.

Lakini mwaka huo Bibi hakuwa akipiga simu kwa mtu yeyote. Mashine yake ya sikio ilikuwa imekufa, na bila hiyo alikuwa hasikii hata ukipiga ngoma magotini pake. Iliteremshwa mjini kwa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake Sauti na ndiye aliyemlea, ili aipeleke kwa fundi. Na ilikuwa na haraka yake. Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, aliyepotelea ughaibuni miaka na miaka, alikuwa anakuja. Angeingia kwa kupitia mpakani, upande wa huko huko kwa Bibi, usiku wa kuamkia sikukuu, na Jumamosi angegeuza, kwani mkataba mpya ulikuwa unamsubiri na ulikuwa mrefu. Bibi alimtumia Mama Mkubwa ujumbe kwa mdomo wa jirani: kumwona nitamwona, hata macho haya mabovu yatamwona, lakini nataka nimsikie. Kila mtu katika ukoo alijua maana yake. Kwa umri ule, hakukuwa na zamu nyingine.

Wiki mbili nyuma Mama Mkubwa alikuwa amemuuliza Sauti siku ya mwisho ya kutuma huko kwa Bibi. Sauti akamjibu kama anavyomjibu kila mtu anayemvizia nyumbani: “Subiri tangazo, Mama Mkubwa. Ghala hawajatupa tarehe, na mimi sibuni.” Alikuwa mkali kwenye jambo hilo. Ukimwambia shangazi wa fulani tarehe ya kukisia, kesho mtaa mzima unayo, na keshokutwa mtaa mzima uko mlangoni na maboksi. Kisha mafua yakamwangusha kabla tangazo halijarekodiwa.

Sasa tangazo lilikuwa likisemwa ukutani, na hakuwa amelisema.

Aliinuka, akajifunga kanga, akatoka kugonga kwa jirani. Jirani alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi, na alifungua mlango mikono ikiwa na povu la sabuni. “Ee, Sauti! Ndiyo nakusikiliza hapa. Nina magauni ya kutuma, nimeweka simu kwenye spika huku naosha vyombo.” Kisha akamtazama mdomo. Sauti alikuwa amesimama kimya kizingitini, hana la kusema wala la kusemea, na nyuma ya jirani, juu ya meza, Sauti alikuwa akisema kwamba mizigo yote ya maeneo ya mbali itafika. Jirani aligeuka akaitazama simu. Akamgeukia tena. Akafuta mikono yake polepole kwenye gauni, akaenda kuikata simu, kisha akabaki kulekule mezani, hakurudi mlangoni. “Utapona,” alimwambia kwa mbali. “Kalale, dada yangu, utapona.”

Hakulala. Alichukua simu yake, akaipigia laini ya wateja mwenyewe, akasikiliza macho yakiwa yamemtoka. Ndipo alipotambua, na kutambua hakukumtuliza, kulimzidishia baridi. Kila neno lilikuwa lake, lakini hayakuwa ya siku moja. Kila mwaka huwa anarekodi pia maneno ya akiba, siku za wiki, saa, majina ya maeneo, ili mitambo iyaunganishe pale lori linapochelewa. Mtu alikuwa ameingia kwenye akiba hiyo akashona. “Mizigo yote” ilikuwa ya mwaka alioanza, sauti nyembamba ya msichana anayeogopa kukosea. “Maeneo ya mbali” ilikuwa ya wiki aliyotoka kumzika mama yake, aliijua kwa uzito wake mwishoni. “Jumatatu” ilikuwa ya wakati mumewe alipokuwa akimsubiri nje ya kile chumba cha magodoro na soda mbili za baridi. Ndani yake mlikuwa na kicheko kilichobanwa. Na “itafika” ilikuwa ya mwanzo kabisa, kabla hajajifunza kazi. Miaka mingi sasa alikuwa halitamki neno hilo. Alikuwa akisema “inatarajiwa kufika”, kwa sababu njiani kuna mvua, kuna pancha, kuna daraja, na kampuni haimiliki hata kimoja kati ya hivyo.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba sauti ile haikuvuta pumzi. Iliruka kutoka neno hadi neno, kutoka msichana hadi mfiwa aliyetoka mazikoni, bila kupumua hata mara moja, na ilitabasamu mahali pasipostahili tabasamu. Alihisi kama anamsikiliza mtu aliyevaa nguo zake zote kwa pamoja.

Jumatatu asubuhi koo lilimfunguka kidogo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, na kila baada ya maneno manne kikohozi kilimkata. Alivaa, akaenda kazini.

Nje ya ofisi ya vifurushi foleni ilikuwa imezunguka jengo. Alishawahi kuona foleni ndefu kuliko ile, zenye kelele, matusi na watu kukanyagana. Hii haikuwa na kelele. Watu walisimama na maboksi yao vifuani, wametulia, nyuso zimelegea kama za watu waliokwisha kupewa habari njema. Ndani ya ukumbi spika za darini zilikuwa zikirudia, na alipopita katikati yao aliona midomo ikitikisika. Mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alikuwa akilifuata tangazo chini kwa chini, neno kwa neno. Baba mmoja mzima alitikisa kichwa kila lilipofika “itafika”. Hakuna aliyemtazama Sauti. Aliongeza mwendo, akausukuma mlango wa ofisi ya nyuma.

Meneja alikuwa humo na Mzee wa Ghala, aliyekuwa ametoka ghalani kwake muda huo huo, wanakunywa chai. Meneja alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Mwaka uliopita kampuni ilitundika bango jekundu, MWISHO! WAHI SASA!, watu wakaivamia ofisi kama wanaokimbia mafuriko, kioo cha mlango kikavunjika na bibi mmoja akateguka mkono. Meneja ndiye aliyempeleka yule bibi hospitali kwa gari lake. Alirudi ameapa kwamba katika uhai wake tangazo halitamtisha tena mteja.

“Nani amelitengeneza lile?” Sauti aliuliza, akakohoa.

“Pole na ugonjwa,” Meneja alisema. “Fundi mitambo wa makao makuu. Tungefanyaje, na wewe ulikuwa huna sauti? Nikamwambia aunganishe ya zamani, liwe la kutuliza. Umeona walivyo watulivu? Sijawahi kuona watu wametulia hivi.”

“Na mimi sijawahi. Jumatatu kwa maeneo ya mbali umeitoa wapi?”

“Kwa huyu,” Meneja alimwonyesha Mzee wa Ghala kwa kikombe.

Mzee wa Ghala aliweka chai chini. “Kwangu? Mimi nilikuandikia Ijumaa. Ijumaa iliyopita.”

“Uliandika Ijumaa, ndiyo. Nikaongeza.”

“Ukaongeza kwa nini?”

“Si kwa sababu kila mwaka unanipunja!” Meneja alicheka, akitafuta mtu wa kucheka naye. “Ukisema Ijumaa unamaanisha Jumatatu. Unaficha siku ili mizigo isikulundikie mwishoni. Nami nairudisha siku yako mahali pake. Tumefanya hivyo miaka yote, hujawahi kulalamika.”

Ni kweli, ndivyo walivyokuwa wakifanya, na wageni wasingeamini kwamba watu wazima wanaendesha kazi namna hiyo. Ghala lilidanganya kwa kupunguza, Meneja akadanganya kwa kuongeza, na uongo mmoja ukapiga mwingine mpaka tarehe ikatoka karibu na ukweli. Hakuna aliyekaa na mwenzake kulizungumza. Mzee wa Ghala aliinuka kitini.

“Mwaka huu sikukupunja,” alisema. “Nilichoka na ule mchezo. Nikasema mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu niandike ya kweli. Ijumaa ilikuwa Ijumaa.”

Ukutani, laini na tamu, Sauti alikuwa akiwaambia watu walete mizigo.

Hesabu haikuhitaji kalamu. Lori la maeneo ya mbali huondoka Jumamosi alfajiri, linafika ghala la mkoa Jumatatu, magari madogo ya mawakala yanasambaza Jumanne na Jumatano. Lori linalofuata huondoka Jumanne na kufika Alhamisi, siku ambayo mawakala wanafunga mapema kwa ajili ya sikukuu ya kesho yake. Mzigo unaopokelewa leo ungefika mkoani salama salimini, ukafungiwa gizani, na kufunguliwa sikukuu ikiwa imeshapita. Maboksi yote yale yaliyokumbatiwa pale nje hayakuwa na njia.

“Lizimeni,” Sauti alisema.

“Linaendeshwa kutoka makao makuu, spika na simu pamoja.” Meneja alikuwa ameshashika simu. “Nawapigia.” Alisubiri. Kisha macho yake yakamwendea Sauti, akaisogeza simu mbali na sikio kidogo, na wote watatu wakasikia ilichokuwa ikisema. Alikuwa amewekwa kwenye foleni, na aliyemwomba avute subira alikuwa ni Sauti. Mzee wa Ghala alijikuta anatazama pembeni.

“Tuwaache hadi jioni,” Meneja alisema kwa unyonge. “Nikienda sasa kuwaambia siku imepita, watavunja tena mlango. Tupokee kwanza. Baadaye tutawatumia ujumbe wa samahani.”

“Ukishapokea, umeahidi. Umeahidi kwa mdomo wangu.”

“Watapata hofu, Sauti.”

“Hofu inatokana na kutojua, Meneja. Mwaka jana bango halikuwaambia kitu zaidi ya kukimbia. Nani akimbie, wa wapi, hadi saa ngapi? Halikusema. Mtu akijua kwamba yeye ana muda, atatulia. Akijua hana, atatafuta njia nyingine. Wewe mwaka huu umewanyima yote mawili, umewapa usingizi.” Kikohozi kilimkamata akainama. Alipoinuka alikuwa na hasira ya kweli, na hakuificha. “Endelea kusubiri kwenye simu. Mimi naenda.”

Aliokota boksi tupu, akalipasua likawa bapa, akaandika juu yake kwa kalamu nene mistari mitatu. Kisha akaenda ukumbini, akapanda juu ya mizani kubwa ya mizigo, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kupanda.

“Ndugu wateja,” alisema. “Naomba mnisikilize. Tangazo hilo lina kosa.”

Nyuso zikamgeukia polepole, bila kukasirika. Juu yake sauti yake ikasema, “Mizigo yote ya maeneo ya mbali.”

“Si kweli,” alisema.

“Itakayopokelewa hadi Jumatatu.”

“Siku ya maeneo ya mbali ilikuwa Ijumaa iliyopita.”

“Itafika,” ilisema ile ya juu, kwa lile tabasamu lake la ujana.

Mtu mmoja mbele, mwenye boksi la viatu, alimwangalia kwa huruma. “Dada, wewe ni nani?”

“Ni mimi. Huyo anayeongea hapo juu ndiye mimi.”

Kicheko chepesi kilipita ukumbini kisha kikaisha. “Huyo wa juu tunamjua,” yule mtu alisema. “Tunamsikia kila mwaka. Wewe una mafua tu.” Na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia aliyepotea, “Tunamsubiri mwenyewe.” Wengine wakaitikia, mwenyewe, mwenyewe, na kisha wakageuza nyuso zao tena darini.

Sauti alibaki amesimama juu ya mizani, mshale wa kupimia ukitikisika chini ya miguu yake. Kwa mara ya kwanza maishani alifikiri kwamba huenda hawajakosea. Labda yule ndiye mwenyewe, na yeye ni mabaki tu, koo lenye kidonda lililosahauliwa nje wakati maneno yalipokuwa yakihifadhiwa. Alifungua mdomo kusema tena na kikohozi kikamtangulia, kile kikubwa, cha kujikunja, chenye filimbi mwishoni ambacho alikuwa nacho tangu akiwa mtoto wa kuogopa mvua.

Katikati ya foleni, mtu mmoja aliinua kichwa.

Alikuwa mama mnene, miguu imevimba kwenye kandambili, na boksi dogo kifuani limezungushiwa utepe wa gundi. Midomo yake nayo ilikuwa ikitikisika na tangazo. Ilisimama. “Hicho kikohozi,” alisema kwa nguvu, “nimekisugua mafuta mimi kwa mikono hii.” Na akaanza kusukuma watu.

“Mama Mkubwa,” Sauti alisema. Aliliona boksi. Alijua kilichomo. “Hukutuma Ijumaa?”

“Ningetuma Ijumaa kwa nini? Mashine ilikuwa tayari tangu Alhamisi, lakini nilipiga simu, ukaniambia Jumatatu. Wewe mwenyewe! Nikapata nafasi ya kumnunulia Bibi na sweta.” Alifika chini ya mizani, anahema. “Nilikuuliza kama umepona, hukunijibu. Nikasema huyu kanuna.”

“Sikuwa mimi.”

Mama Mkubwa alitazama darini, akamtazama yeye, akatazama darini tena. Aliogopa, Sauti aliiona hofu ikimpanda. Lakini alikuwa amelea watoto saba, wake na wa ndugu zake, na hakuwa mtu wa kuachia hofu imalize mazungumzo. Aliliinua boksi mbele ya watu wote. “Basi niambie wewe unayekohoa. Nikikuachia hii leo, itafika lini kwa mama yangu?”

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza sasa. Juu, ile sauti ilikuwa tayari inajibu, ikiwa na uhakika wake wote. Ingekuwa rahisi kukaa kimya ikaendelea. Ingekuwa rahisi hata kusema tutajitahidi.

“Baada ya sikukuu,” Sauti alisema. “Mjomba atakuwa ameshaondoka. Usiniachie, Mama Mkubwa. Itafutie njia nyingine, leo hii bado unaweza.”

Mama Mkubwa alilishusha boksi, akalikumbatia. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akageuka, akaiacha foleni aliyosimama tangu alfajiri, akaondoka na mzigo wake mikononi. Watu walimpisha. Kumwona mtu akiondoka na mzigo wake mwenyewe kulifanya kile ambacho maneno hayakuwa yamefanya: yule mwenye boksi la viatu alipepesa macho, akajikuna shingo, akamwambia Sauti kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyeamka, “Na mimi natuma hapa hapa mjini. Na mimi siku imepita?”

“Wewe una hadi Jumatano jioni. Huna haja hata ya kusimama leo.” Aliinua lile boksi lililopasuliwa wakaona. “Wa hapa mjini, Jumatano, kabla ya kufunga. Wa miji mikubwa, kesho Jumanne, saa sita mchana, na mizigo inatarajiwa kufika Alhamisi. Nasema inatarajiwa. Barabara si yangu. Wa maeneo ya mbali, siku imepita na kosa ni letu. Tutaupokea mzigo wako ukitaka, lakini utafika wiki ijayo. Kama ni kitu cha kuharibika, au kinatakiwa siku yenyewe, usituachie.”

Hakuna aliyevunja mlango. Kulikuwa na manung'uniko, kulikuwa na mama mmoja aliyelia na mzee aliyemtukana Meneja matusi ya kizamani ambayo vijana waliyafurahia. Wa mjini waliondoka wakiicheka foleni yao. Wa miji mikubwa walijipanga upya. Na wa mbali walimzunguka Sauti, wanauliza mmoja mmoja, naye akawajibu mmoja mmoja huku akikohoa, na jibu lake halikubadilika hata kwa mwenye mtoto mgongoni, aliyemuuliza mara tatu kama hakuna namna. Wengine walipeana namba za simu, nani anasafiri kwenda wapi.

Mahali fulani katikati ya hayo, ile ya juu ilisema “ita” na haikumalizia. Simu ya Meneja ilikuwa imepokelewa. Ukumbi ukawa na kelele za kawaida, watu wanaosukumana na kupiga chafya, na Sauti akaona kwamba alikuwa akizitamani kelele hizo.

Kesho yake Mama Mkubwa alipanda basi. Hakuwa amepanga kusafiri mwaka huo, miguu yake haikumruhusu, na safari ya kwa Bibi ni ya kutwa mbili na kubadilisha magari. Alikataa kumpa mtu mashine ile. Aliisafirisha kifuani, ndani ya nguo, na miguu ikavimba hadi kandambili zikakataa kuingia.

Siku ya sikukuu Sauti alikuwa zamu ya simu, mlango umefungwa, ofisi tupu. Alikuwa amerekodi tangazo jipya kwa koo lile lile bovu, na hakumruhusu fundi akate kikohozi kilichopita katikati. Simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya Bibi.

“Bibi?”

Upande wa pili palikuwa na kelele za watu wengi, sahani, na sauti nzito ya mwanamume aliyekuwa akisimulia kitu huku akicheka. Lakini Bibi hakusema. Alikuwa akipumua tu, karibu sana na simu.

“Bibi, ni mimi. Unanisikia?”

“Nakusikia,” Bibi alisema. “Na mwanangu namsikia, anaongea kama kasuku tangu jana. Lakini mama yako mkubwa amenieleza mambo. Amesema kuna mwingine.”

“Hayupo tena, Bibi. Ameshazimwa.”

“Ndivyo angesema na yeye.” Sauti ya Bibi ilikuwa chini, ya mtu anayezungumza na mlango kabla ya kuufungua. “Kohoa kwanza.”

Mafua yalikuwa yameshaisha. Sauti alikaa na simu sikioni katika ofisi ile kimya, akazitazama spika za darini, akavuta pumzi, akakohoa kwa nguvu zake zote, mpaka ile filimbi ikatoka.

“Haya,” Bibi alisema. “Umekula?”